Wajumbe kumi na mmoja, tarehe nne: katibu aandike barua pepe ya aina gani?

Katibu wa bodi anapoambiwa na mwenyekiti "hebu tuitie kikao kabla ya Ramadhani", ana njia nne za kuandika barua pepe ile ya kwanza. Anaweza kuuliza wazi kila mtu yupo lini. Anaweza kutuma kiungo cha kura ya tarehe. Anaweza kutoa tarehe chache na kutaka kila mjumbe amjibu yeye peke yake. Au amuombe mwenyekiti ataje siku moja, kisha awaarifu wajumbe tu. Zote nne zinatumika Unguja na Pemba, na kila moja ina mahali pake. Hapa naziweka bega kwa bega kwa kutumia bodi moja ya mfano, kwa sababu bila ya bodi mbele ya macho kila njia huonekana nzuri.

Bodi yenyewe

Tuchukue jumuiya yenye ofisi Mjini Unguja. Wajumbe wa bodi ni kumi na mmoja. Mwenyekiti anakaa Mjini, makamu wake yuko Chake Chake. Mhazini ni mfanyakazi wa benki. Wapo pia daktari anayefanya kazi kwa zamu, mwalimu mkuu wa skuli moja Wete, mfanyabiashara mwenye duka Darajani, mwanasheria anayeishi Dar es Salaam, mjumbe aliyehamia Muscat, mwengine aliyeko London, mjumbe wa vijana anayesoma chuo, na mzee mstaafu wa Makunduchi ambaye simu yake ni ya kupigia tu.

Ajenda kubwa ni hesabu za mwaka uliopita. Katiba ya jumuiya hii ya mfano inasema mambo matatu: akidi ni wajumbe sita, anayeshiriki kwa mtandao anaweza kuchangia lakini hahesabiki kwenye akidi, na taarifa ya kikao itolewe siku kumi na nne kabla. Katibu asiyeifungua katiba yake kabla ya kuandika barua anabahatisha. Zipo katiba zinazomhesabu mjumbe wa mtandaoni sawa na aliyekaa ukumbini, zipo zinazonyamaza kabisa juu ya jambo hilo, na jibu la katiba yako ndilo litakaloamua tarehe ipi inafaa, kama tutakavyoona.

Mwaka ni 2026. Ramadhani inatarajiwa kuingia tarehe 18 au 19 Februari, kwa mwandamo. Tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi, ni Jumatatu, kwa hiyo wiki hiyo inaanza na mapumziko marefu. Kikao basi kiangukie mwisho wa Januari au wiki ya kwanza ya Februari.

Njia ya kwanza: "Naomba mnijuulishe siku mnazopatikana"

Barua ya namna hii sote tumeipokea:

> Assalaamu alaykum ndugu wajumbe. Tunatarajia kufanya kikao cha bodi hivi karibuni kwa ajili ya kupitia hesabu. Naomba mnijuulishe siku mnazopatikana. Ahsanteni.

Ni fupi, ina adabu, na haimlazimishi mtu. Tatizo linaanza majibu yanapokuja. Mmoja anaandika "siku yoyote isipokuwa Jumatatu". Mwengine, "wiki ijayo niko safarini". Wa tatu anasema "mimi namfuata mwenyekiti". Wa nne anauliza ajenda ni nini. Majibu haya hayakai kwenye jedwali moja. Katibu atalazimika kumwandikia kila mtu tena kumuuliza alichokusudia, na kufikia hapo aliyejibu mwanzo ameshapanga jambo jengine siku ile aliyosema ana nafasi.

Lakini kasoro kubwa ya njia hii kwetu ni ya heshima zaidi kuliko ya utaratibu. Mwenyekiti akibonyeza "Reply all" na kuandika "Jumanne itanifaa", mazungumzo yamekwisha. Mjumbe wa vijana hataandika mbele ya wakubwa wake kwamba Jumanne ana mtihani. Mwalimu wa Wete hatasema kwamba skuli iko wazi na hana wa kumuachia. Watajibu "sawa, Inshaallah", kisha usiku wa kuamkia kikao zinaingia udhuru tatu mfululizo. Ukiwa katibu na ukaona "Inshaallah" nyingi zimefuatana mara tu baada ya jibu la mwenyekiti, usizihesabu kuwa ni ahadi.

Njia hii ina faida mahali pamoja tu: kamati ya watu watatu au wanne walio rika moja, wanaofanya kazi jengo moja. Hapo barua yenyewe pengine haihitajiki, unatoka tu ukawauliza.

Njia ya pili: kiungo cha kura

Hapa katibu anatengeneza kura ya tarehe, kwa Doodle kwa mfano, na kutuma kiungo. Kila mjumbe anafungua na kuweka alama kwenye siku anazoweza. Kwa bodi iliyotawanyika nchi tatu, kura kama hii ina jambo moja zuri sana: saa inageuka yenyewe kulingana na mahali alipo mjumbe. Aliyeko Muscat anaona saa moja mbele yetu. Aliyeko London, katika miezi hii ya baridi kwao, anaona saa tatu nyuma. Doodle pia humruhusu mtu kusema "ikilazimu", jibu la katikati ambalo barua za kawaida huwa zinalisahau.

Bado nina mashaka nayo kwa bodi kama hii. Kwanza, mzee wa Makunduchi hatafungua kiungo, na mfanyabiashara wa Darajani ameonywa mara nyingi asibonyeze viungo asivyovijua. Ni haki yake. Pili, kura za namna hii mara nyingi zinaonyesha majina ya waliotangulia na walichochagua, kwa hiyo ile hofu ya kupingana na mwenyekiti inarudi kwa mlango wa nyuma. Ipo mipangilio ya kuficha majina, na fomu ya Google haionyeshi majibu ya wengine usipoiruhusu. Katibu aangalie hilo kabla ya kutuma. Kura ya WhatsApp ndiyo iliyo wazi zaidi: kila mtu kwenye kundi anaona nani kachagua nini.

La tatu ndilo zito. Kura inahesabu vichwa tu. Kwake yeye mhazini na mjumbe wa kawaida ni alama moja moja, na aliyeko ukumbini ni sawa na aliyeko kwenye skrini ya simu. Bodi haiko hivyo.

Njia ya tatu: tarehe chache, jibu kwa katibu peke yake

Katibu anazungumza kwanza na mwenyekiti kwa simu, anapata siku ambazo hazijakufa tangu mwanzo, kisha anaandika barua yenye tarehe nne zenye herufi. Anatuma kwa Bcc, ili hata aliyezoea "Reply all" jibu lake lije kwa katibu tu. Wako wajumbe wanaokereka kuona majina yamefichwa, wakidhani kuna jambo. Basi waorodheshe ndani ya barua yenyewe, kwa vyeo vyao, waone nani kaalikwa.

Hivi ndivyo ningeiandika:

> Kichwa: Kikao cha Bodi (hesabu za 2025): chagua tarehe, jibu kabla ya Jumanne 13 Januari
>
> Assalaamu alaykum, Waheshimiwa Wajumbe.
>
> Mwenyekiti anaomba kikao cha kupitia na kuidhinisha hesabu za mwaka 2025 kabla ya kuingia Ramadhani. Kitachukua saa tatu, ukumbi wa ofisi yetu, Mjini.
>
> Naomba kwa kila tarehe uandike neno moja: NIPO (ukumbini), MTANDAO, au SIPO.
>
> A. Jumamosi 31 Januari, saa nne asubuhi (10:00)
> B. Jumanne 3 Februari, saa nne asubuhi (10:00)
> C. Alhamisi 5 Februari, saa nane mchana (14:00)
> D. Jumamosi 7 Februari, saa nne asubuhi (10:00)
>
> Saa zote ni za Zanzibar. Wajumbe wa Pemba: ukiandika NIPO nitaelewa kuwa utasafiri siku moja kabla, nauli na malazi ni juu ya jumuiya.
>
> Naomba jibu kabla ya Jumanne 13 Januari, saa kumi jioni (16:00). Kwa ambaye sijamsikia hadi wakati huo nitampigia simu. Tafadhali zishikilie tarehe zote nne hadi Jumatano 14 Januari, nitakapotangaza moja na kuziachia nyengine.
>
> Wenu, Katibu

Mambo machache kwenye barua hiyo yamewekwa kwa makusudi. Saa imeandikwa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu za mfumo wa saa 24, kwa sababu "saa 10" peke yake ni jioni kwa mzee wa Makunduchi na ni asubuhi kwenye kalenda ya simu ya mwanasheria. Bila ya tarakimu zile mbili, mmoja atafika ukumbi ukiwa umefungwa.

Ombi la kushikilia tarehe lina mwisho wake. Ukimwambia mtu azishike siku nne bila ya kumwambia hadi lini, hatazishika hata moja. Katibu naye akishatangaza lazima aziachie zile tatu kwa maneno yanayosomeka wazi, la sivyo daktari atabaki amebadilishana zamu bure.

Na barua haisemi "asiyejibu nitahesabu amekubali". Naziona barua nyingi zenye sentensi hiyo na sielewi inamsaidia nani. Kimya cha mjumbe hakikai kwenye kiti siku ya kikao. Kwa hesabu ya akidi, aliyenyamaza ni SIPO mpaka apigiwe simu.

Mzee wa Makunduchi kwa hali yoyote ni wa simu. Simu yenyewe haina urefu:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nina tarehe nne za kikao, nakusomea moja moja, unambie unaweza au huwezi."

Ukimuuliza "lini unaweza?" atakujibu "nyinyi pangeni tu, mie nitakuja". Ukimsomea moja moja atakwambia kwamba ile Alhamisi hana neno nayo ila asichelewe gari ya kurudia shamba. Hiyo ndiyo habari unayoihitaji.

Gharama ya njia hii ni kazi ya katibu: simu moja kabla ya barua, jedwali la mkono, na simu nyengine mbili tatu siku ya mwisho. Bodi ikizidi watu ishirini inachosha, na hapo ningeelekea kwenye fomu yenye majibu yaliyofichwa.

Njia ya nne: mwenyekiti keshaamua

Barua ya tarehe moja huonekana ya kibabe, lakini wakati mwengine ndiyo ya haki. Mfadhili ametoa siku ya mwisho ya kupokea hesabu zilizoidhinishwa, au kuna jambo la dharura linalohitaji saini. Hapo kuuliza ni kujifanya tu. Andika tarehe, taja sababu kwa sentensi moja, na uulize jambo moja tu: utakuwepo au hutakuwepo? Bila ya swali hilo hutajua akidi mpaka siku yenyewe.

Njia hii inafaa pia kwa vikao vya kawaida vinavyojulikana kalenda mwaka mzima, tuseme Jumamosi ya mwisho ya kila robo mwaka. Hata hivyo kalenda ya namna hiyo ipitiwe upya kila mwaka. Ramadhani na Idd zinarudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, na tarehe iliyokuwa salama mwaka jana yaweza kuangukia kwenye Idd yenyewe. Karibu na mwandamo usiweke kikao katika siku yoyote kati ya zile mbili zinazowezekana.

Bega kwa bega

| | Swali la wazi | Kiungo cha kura | Tarehe chache kwa katibu | Tarehe moja |
|---|---|---|---|---|
| Kazi ya katibu | Ndogo mwanzo, kubwa baadaye | Ndogo | Kubwa mwanzo, ndogo baadaye | Ndogo |
| Mjumbe mdogo anasema kweli? | Mara chache | Majina yakifichwa | Ndiyo | Haulizwi siku |
| Asiye na intaneti | Anaachwa | Anaachwa | Anapigiwa | Anapigiwa |
| Uzito wa vyeo unaonekana? | Hapana | Hapana | Ndiyo | Mwenyekiti tu |
| Inafaa | Watu watatu, wanne | Kundi kubwa, vyeo sawa | Bodi yenye akidi na ajenda nzito | Dharura, kalenda ya mwaka |

Sasa tuone majibu

Tuseme majibu yote yamekuja. N ni yupo ukumbini, M ni kwa mtandao, S hayupo.

| Mjumbe | A (31 Jan) | B (3 Feb) | C (5 Feb) | D (7 Feb) |
|---|---|---|---|---|
| Mwenyekiti | N | N | N | N |
| Makamu, Chake Chake | N | M | S | N |
| Mhazini | N | M | S | S |
| Daktari | S | N | S | N |
| Mwalimu mkuu, Wete | N | M | S | N |
| Mfanyabiashara, Darajani | S | N | N | N |
| Mwanasheria, Dar | N | M | S | N |
| Mjumbe wa Muscat | M | M | M | M |
| Mjumbe wa London | S | M | M | M |
| Mjumbe wa vijana | N | S | N | N |
| Mstaafu, Makunduchi | N | N | N | N |
| Ukumbini | 7 | 4 | 4 | 8 |
| Pamoja na mtandao | 8 | 10 | 6 | 10 |

Kura ya mtandaoni ingeonyesha B na D zimefungana kwa watu kumi kila moja, A ikafuata kwa wanane. Kwa haraka katibu angechagua B, maana iko mapema kuliko D, na kumi kati ya kumi na mmoja si haba.

Angeharibu. Tarehe B ina watu wanne tu ukumbini, na kwa katiba hii akidi ni sita. Kikao kingefunguliwa kwa dua, watu wakatazamana kwenye skrini, na mwenyekiti akalazimika kutangaza kwamba hakuna uamuzi unaoweza kupita. Sababu yake inaonekana ukisoma safu ile kwa makini: ni Jumanne, skuli iko wazi, benki iko wazi, na wa Pemba wawili hawawezi kupoteza siku tatu za kazi kwa kikao cha saa tatu. Wamesema MTANDAO kwa sababu ndiyo "ndiyo" rahisi kuliko zote. Katika bodi zetu kila siku ya kazi ya katikati ya wiki itakupa M nyingi kutoka Pemba na Dar.

Lau katiba ingemhesabu aliyeko mtandaoni, B ingekuwa halali, na ningeanza kuifikiria. Lakini kikao cha hesabu chenye watu sita kwenye simu kina shida zake, na kubwa ni kwamba mhazini anaeleza vitabu akiwa amejificha chumba cha chai cha ofisi yake.

C imekufa. Sita pamoja na mtandao, wanne ukumbini, na waliokosekana ni pamoja na makamu na mhazini. Saa nane mchana siku ya kazi ilionekana nzuri kwenye karatasi kwa sababu ya London, kwao saa tano asubuhi. Umemfurahisha mtu mmoja ukawapoteza watano.

D ndiyo inayovutia: wanane ukumbini, wawili mtandaoni, na anayekosekana ni mmoja tu. Lakini mmoja huyo ni mhazini, siku hiyo anaozesha, na ajenda ni hesabu. Hapa katibu asikate shauri peke yake. Ampigie mhazini amuulize kama mhasibu wa ofisi anaweza kuziwasilisha kwa niaba yake. Ikiwa yeye mwenyewe anaridhia na mwenyekiti anakubali, D inashinda. Ikiwa atasema kwamba kuna masuali juu ya hesabu hizo ambayo yeye tu ndiye anayeweza kuyajibu, D imekwenda. Usimuombe aache arusi ya mwanawe "kwa saa moja tu". Atakuja, na hatakusahau.

Tuseme amesema mhasibu hawezi. Inabaki A: saba ukumbini, yaani mmoja zaidi ya akidi, mwenyekiti, makamu na mhazini wote wapo, na Muscat anasikiliza kwa mtandao saa tano asubuhi kwa saa zao, siku ambayo kwao ni ya mapumziko. Daktari, mfanyabiashara na mjumbe wa London hawapo. A ndiyo niliyoichagua kwa bodi hii, na si tarehe iliyopata ndiyo nyingi.

Udhaifu wake uko wazi: saba ukitoa wawili ni watano, na wawili hao wanakaa Pemba. Boti ya Ijumaa ikiahirishwa kwa sababu ya bahari, makamu na mwalimu wa Wete wamebaki bandarini Mkoani na akidi imebaki nao. Kwa hiyo katibu anayechagua A ana kazi mbili zaidi. Ya kwanza, azungumze na daktari kama kuna wa kubadilishana naye zamu, au na mfanyabiashara kama kijana wake anaweza kukaa dukani hadi adhuhuri. Mmoja akipatikana na mmoja wa Pemba akakwama, bado ni saba. Ya pili, asubuhi ya Ijumaa awapigie wa Pemba kabla hawajatoka nyumbani. Boti ikiwa na mashaka, ndege kutoka Chake Chake inafika Unguja kwa nusu saa hivi, na fedha ya tiketi mbili iwe imeshaidhinishwa tangu wiki iliyopita, isiwe ndiyo kwanza inatafutwa saini yake.

Wengine wangemaliza mjadala huu kwa kupeleka kikao Chake Chake. Si wazo baya, na jumuiya yenye ofisi mbili ingefaa kufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Kwa kikao hiki lakini, wajumbe watano wa ukumbini wangekuwa wasafiri badala ya watatu, wawili wa Pemba na mwanasheria wa Dar.

Barua ya pili

Jumatano 14 Januari inakwenda barua fupi. Kutoka hapo hadi tarehe 31 ni siku kumi na saba, kwa hiyo sharti la siku kumi na nne limetimia na kuna siku tatu za ziada ikiwa kuna aliyechelewa kusoma.

> Kichwa: IMETHIBITISHWA: Kikao cha Bodi, Jumamosi 31 Januari 2026, saa nne asubuhi (10:00)
>
> Waheshimiwa Wajumbe, ahsanteni kwa majibu. Kikao ni Jumamosi 31 Januari, saa nne asubuhi (10:00), ukumbi wa ofisi, Mjini. Tarehe 3, 5 na 7 Februari ziko huru.
>
> Wajumbe saba wamethibitisha kufika ukumbini. Akidi ni sita. Atakayepata udhuru naomba anipigie simu siku hiyo hiyo, asisubiri kuandika.
>
> Hesabu na ajenda nitazituma Jumamosi 24 Januari. Wasioweza kufika wanaweza kuniletea maoni kwa maandishi hadi Alhamisi 29 Januari, nami nitayasoma kikaoni.

Barua hii iende kwa wote kwa uwazi, si kwa Bcc, kwa sababu sasa hakuna cha kuficha na kila mtu afahamu kwamba tarehe ni ile ile kwa wote. Pamoja nayo itumwe taarifa ya kalenda, ambayo itajigeuza kwa saa za Muscat bila ya mtu kukokotoa. Idadi ya waliothibitisha imetajwa kwa makusudi: mjumbe anayejua kwamba akidi ni sita na wamethibitisha saba hutoa udhuru kwa kufikiri zaidi kuliko anayedhani ukumbi umejaa.

Mwenyekiti akibadilisha siku baada ya barua hii, usiirekebishe barua iliyotoka. Andika mpya, kichwa chake kianze na IMEAHIRISHWA, futa taarifa ya zamani kwenye kalenda, na uanze kuhesabu siku kumi na nne upya. Kisha mpigie mzee wa Makunduchi kabla ya mtu mwengine yeyote, maana yeye ndiye atakayekuwa ameshamwambia mwenye gari amsubiri asubuhi.